Nyoka wa Pili Hakuja Kulipa Kisasi

Wiki iliyopita huku kwetu Kimara palikuwa hapalaliki. Kisa ni nyoka. Siyo mmoja, wawili!

Kasheshe ilianza Jumatatu jioni. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alikwenda kuchukua ndoo nyuma ya nyumba, akatoka mbio anapiga kelele. Kwenda kuangalia, kifutu huyo, mnene kama mkono wa mbeba zege, amejilaza kando ya rundo la matofali. Washikaji wakamshughulikia kwa mawe na mpini wa jembe. Alipotulia, mmoja wao akamnasa kwa kijiti chenye panda, akamburuta kupitia uani hadi kule jalalani nje ya uzio. Tukapeana mikono, tukaenda zetu kuangalia mpira.

Jumatano usiku, kifutu wa pili! Na huyu alikuwa palepale uani, anatambaa taratibu kuelekea jalalani, ulimi nje, ulimi ndani.

Basi hapo Mama Mwenye Nyumba akashika kichwa. "Si niliwaambia, wanangu? Mumewe huyo! Amekuja kulipa kisasi, na hatatoka mpaka aondoke na mtu." Toka siku ile mpangaji wa chumba cha mbele akahamia kwa shemeji yake, na yule mtoto aliyemwona nyoka wa kwanza akawa hataki kutoka nje hata kwenda chooni. Anasema nyoka anamjua sura.

Roho iliniuma kwa ajili ya yule dogo. Kesho yake nikapanda daladala mpaka kwa mwalimu wangu wa bayolojia wa enzi za sekondari, siku hizi amestaafu, anafuga kuku. Nikampa shikamoo, nikamwaga kisa chote. Mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mama yenu amepatia nusu," akasema. "Inawezekana kabisa yule ni dume na alimfuata jike. Lakini hana habari ya kisasi. Alikuwa anafuata harufu. Tena anainusa kwa ulimi."

Kwa ulimi tena, jamani?

Ndiyo. Kwanza tuweke sawa jambo moja, maana hata kijiweni kwetu wako wanaoamini ulimi wa nyoka ndio unaochoma. Ule ulimi haudungi wala hauna sumu. Sumu inapitia kwenye meno. Ulimi ni laini, na kazi yake ni ya utarishi: unatoka nje, unaokota chembechembe za harufu hewani au ardhini, unarudi nazo ndani. Ukimwona nyoka anautoa na mdomo umefungwa, usishangae. Kwenye mdomo wa juu, mbele kabisa, kuna kijinafasi cha kuupitishia.

Tarishi hasomi barua, anaipeleka tu. Msomaji wa harufu yuko juu kwenye kaakaa, na wataalamu wanamwita kiungo cha Jacobson, kwa jina la Ludwig Jacobson, tabibu wa Denmark aliyekieleza kwa wanyama mwaka 1813. Nyoka anavyo viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, na kila kimoja kina kitundu chake kinachofungukia kinywani na mishipa yake ya kupeleka habari kwenye ubongo. Pua nyoka anayo pia, na inafanya kazi. Pua ikihisi kitu, ndipo ulimi unapoanza kutoka mara kwa mara ili kuchunguza vizuri zaidi.

Zamani watu walidhani zile ncha mbili za ulimi zinachomekwa moja kwa moja kwenye vile vitundu viwili, kama plagi ya pasi. Ikaonekana vizuri, ikaandikwa vitabuni. Lakini nyoka walipopigwa picha za mwendo za eksirei, ikaonekana ulimi ukiingia unanyooka moja kwa moja kwenye ala yake chini, haupandi juu. Kinachopanda ni vijinyama viwili vilivyoko kwenye sakafu ya kinywa. Ulimi unavipaka ile harufu unapopita, vyenyewe vinanyanyuka na kukandamiza kaakaa penye vile vitundu.

Sasa swali la mwalimu, ambalo nami nakuuliza wewe: kama kazi ni kuokota harufu tu, kwa nini ulimi uwe na panda? Si hata ulimi wa kawaida ungetosha? Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alisema nyoka anapata utamu mara mbili. Bwana mkubwa alikosea. Jibu la maana alilitoa Kurt Schwenk, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Konektikati, Marekani, mwaka 1994.

Fikiria uko Kariakoo katikati ya umati, mtu anakuita jina. Unageuka upande wake bila hata kufikiri. Kwa nini? Kwa sababu una masikio mawili yaliyoachana, na sauti inafika sikio moja kwa nguvu kuliko lingine. Ubongo unalinganisha, unapata upande. Nyoka anafanya hivyohivyo kwa harufu. Anapotoa ulimi kugusa ardhi, ncha zinatanuka, moja kushoto moja kulia, zinaokota sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kisha habari ya kushoto na ya kulia zinalinganishwa.

Turudi uani kwetu tumfuate yule dume hatua kwa hatua. Jike huacha harufu ya ngozi yake pale alipopita. Dume akifika juu ya njia hiyo anashusha ulimi. Ncha zote mbili zikiokota harufu, anajua yuko katikati, anakwenda mbele. Akishusha tena, ncha ya kulia ikaikuta na ya kushoto ikakosa, maana yake ameanza kutoka njiani upande wa kushoto, basi anapinda kichwa kulia. Zikikosa zote mbili, anasimama, anayumbisha kichwa huku na huku akishusha ulimi mpaka aipate tena. Ndiyo maana yule wetu alikuwa anakwenda taratibu vile. Sisi tulidhani anatafuta mlango wa kuingilia!

Ushahidi upo. Katika majaribio ya miaka ya 1930, nyoka waliokatwa ile sehemu ya panda waliendelea kuitambua harufu kama kawaida, ila kufuata njia yake wakashindwa. Ni kama mtu mwenye sikio moja: anasikia anaitwa, hajui aitwa wapi.

Hapo mimi nikajiona mjanja, nikamtega mzee. "Mwalimu, sawa, kaipata njia. Lakini amejuaje jike kaelekea wapi? Si anaweza kuifuata kinyumenyume mpaka alikotoka?"

Mwalimu akatabasamu. "Swali zuri. Lilijibiwa mwaka 1984 kwa nyoka wa mistari wa Amerika ya Kaskazini." Nyoka hana miguu, kwa hiyo ili aende mbele hujisukuma kwenye vitu: jiwe, shina, kijiti. Anapojisukuma anakipaka kile kitu harufu upande mmoja tu, ule unaotazama anakokwenda. Watafiti wakachomeka vijiti kwenye sakafu, wakampitisha jike, halafu wakamleta dume. Dume akavipapasa vijiti kwa ulimi, akajua upande uliopakwa, akaelekea huko. Vijiti vilipoondolewa, sakafu ikabaki tupu, dume akashindwa kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Na hao nyoka wa mistari ndio waliotufundisha harufu ya jike ni kitu gani. Huko Manitoba, Kanada, hutoka mashimoni kwa maelfu kila majira ya kuchipua, madume yakiwazonga majike. Mwaka 1989 watafiti walitangaza kwamba mvuto wenyewe ni aina ya mafuta yaliyo kwenye ngozi ya jike. Hayapeperuki kama marashi ya dada zetu wa mjini. Yanabaki pale yalipopakwa, na dume lazima ayaguse kwa ulimi ndipo ayajue.

Umeanza kuunganisha? Na vifutu nao ni hivyo. Msimu wa kupandana ukifika, madume hutembea kutafuta majike kwa kufuata harufu. Sasa sisi tumemuua nyoka, halafu tumemburuta uani kwetu wenyewe, tumeipaka ardhi yale mafuta kutoka matofalini mpaka jalalani. Kama yule wa kwanza alikuwa jike, basi barabara ya kumwongoza dume tuliichora sisi kwa mikono yetu. Kwa hiyo wazee hawakutunga uongo walipoona nyoka wa pili akitokea. Waliona kweli, wakakosea sababu.

Yule dume hakumfuata muuaji, na wala sura ya dogo haijui. Ulimi wake ulikuwa unasoma mafuta chini, basi.

Lakini tusije tukambusu! Kifutu anaua. Ulimi uleule anautumia kutafuta chakula: mara nyingi humng'ata panya, akamwachia, sumu ikafanya kazi, kisha akafuata kwa ulimi njia ya yuleyule aliyemng'ata mpaka amkute amelala. Jalala letu lilikuwa hoteli ya panya, na matofali yalikuwa gesti ya kifutu. Mwalimu alinipa kazi tatu: kuondoa takataka, kuhamisha matofali, na kusugua kwa sabuni pale kwenye sakafu tulipomburutia, maana mafuta hayatoki kwa maji matupu. Akaongeza kwamba nyoka aliyekufa asishikwe, kichwa kinaweza kung'ata hata baada ya kufa. Na mtu akiumwa, hospitali moja kwa moja, hakuna kuchanja wala kunyonya.

Jumamosi tulifagia wote. Nikamwita yule dogo, nikamchorea mstari wa chaki sakafuni, nikampa vidole vyake viwili viwe ulimi. Nikamfunga macho kwa kanga, nikamwambia apapase: chaki ikishika kidole cha kulia tu, ageuke kulia. Nilikuwa nimeichora nene, inabaki kwenye ngozi. Kila hatua tatu nne mama yake anamtazama vidole na kumwambia ni kipi cheupe. Alifika mwisho wa mstari, akafungua macho, akauliza, "Kwa hiyo ye alikuwa anatafuta mchumba?"

Mama Mwenye Nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Ila bado anasisitiza alikuwa mume wa yule wa kwanza, na hapo, msomaji wangu, mimi simbishii tena.

Jioni ile dogo alikwenda chooni peke yake, na tochi. Tuonane wiki ijayo.