Majuma Kumi Katika Siku Moja

Video za mafunzo ya kilimo hupita sasa simu kwa simu, na wengi wenu mmezitazama mkiwa na vitalu vyenu nyuma ya nyumba. Aghalabu video hizo zina kasoro moja. Mche hufukiwa, muziki hulia, na papo hapo tunaonyeshwa shamba lililostawi. Yaliyotokea baina ya picha mbili hizo ndiyo mkulima aliyotaka kuyajua. Mwenye robo ya ekari akiyakisia vibaya, msimu wake umekwenda.

Tuchukue mfano wa sukuma wiki kule Mugutha, baina ya Ruiru na Thika. Mbegu hukaa kitaluni majuma manne hadi sita, kisha miche iliyohamishwa huhitaji muda kama huo kabla ya kuchumwa kwa mara ya kwanza. Ni majuma kama kumi, na mpiga picha hawezi kukesha shambani muda wote huo. Njia iliyo nyepesi ni kutafuta majirani, kwa kuwa hawapandi wote siku moja: mmoja ana kitalu, wa pili ana miche iliyo tayari kuhamishwa, wa tatu anachuma. Hatua zote hupatikana kwa siku moja, maadamu msimulizi atamke wazi kwamba hili ni shamba jingine na mboga zake zina majuma sita tangu zihamishwe. Asiposema, mtazamaji ataona zake zimedumaa ilhali hazina neno.

Jambo la ajabu ni kwamba siku hiyo kazi huanzia mwisho. Majani huchumwa asubuhi kungali baridi, basi kuchuma kunarekodiwa saa moja, nuru ikiwa ya upole. Kuhamisha miche hufanywa jioni ili isichomwe na jua, kwa hiyo sehemu hiyo husubiri saa kumi. Mpiga picha mwenye haraka akiirekodi adhuhuri, miche italegea mbele ya kamera, na atakayeitazama ataiga saa ile ile. Watu huiga wanachokiona kuliko wanachokisikia. Mipango ya hatua hurejeshwa baadaye, wakati wa kuunganisha picha.

Hatua ya kuhamisha ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi, nami ningeipa theluthi ya video. Kwanza kitalu kinamwagiwa maji, ndipo mche ung'olewe na udongo ukiwa umeshikana na mizizi. Kamera huwekwa chini, karibu na ardhi, upande usiofunikwa na mkono wala kivuli cha mkulima. Hapo ndipo wengi hukosea: humpiga picha mkulima akiwa ameinama, tukauona mgongo wake na lesi ya kitambaa chake, shimo tusilione. Mkulima huombwa afanye kazi mara mbili, kwa miche miwili. Mara ya kwanza anarekodiwa kwa mbali ili tuone safu, mara ya pili tunaona vidole tu, vikishindilia udongo pembeni mwa shina bila kufunika kichipukizi cha kati.

Nafasi pia yataka kuonyeshwa kwa macho. Sentimita 45 haionekani katika kioo cha simu. Mkulima akilaza mkono chini, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, tunapata dhiraa moja, ambayo ni takriban sentimita 45 hizo baina ya mche na mche. Baina ya safu huongezwa theluthi ya dhiraa, ifike 60. Bibi zetu waliopimia nguo kwa mikono hawatahitaji maelezo zaidi.

Kwa upande wa sauti, mkulima aeleze kwa maneno yake, kipaza sauti kidogo kikiwa kifuani pake na kimefunikwa sponji, kwani upepo wa shamba wazi humeza maneno. Asiseme na kutenda kwa pamoja kila mara. Mkono ukitangulia na maneno yakafuata, hueleweka zaidi. Shirika la Access Agriculture, lililoanzishwa 2012, husambaza video za wakulima zilizotiwa sauti katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Anayetumaini kwamba maneno ya mkulima wa Mugutha yatatafsiriwa siku moja aache kimya cha pumzi moja kila baada ya hatua, maana tafsiri huweza kuwa ndefu kuliko maneno ya asili.

Sehemu ya wadudu isikosekane. Vidukari vya kijivu hujificha chini ya jani na katika majani machanga ya kati, na dalili ya kwanza ni jani kujikunja. Jani ligeuzwe polepole mbele ya kamera, likae hapo sekunde kumi. Na ikiwa mkulima atanyunyiza dawa bila glavu wala kuziba pua na mdomo, kamera izimwe mpaka avae.