Ndiva isiyo na chemchemi

Na Nakijwa Mshana

Wiki iliyopita mama yangu mdogo alishuka mjini Same kutoka Mamba Miamba, ameuza tangawizi yake. Tulipokaa kunywa chai akatoa simu kwenye mkoba na kunionyesha programu ambayo kijana wa jirani alimwekea. Alikuwa ameweka shilingi laki moja, na kila siku akifungua na kubonyeza kazi chache anapewa elfu tano. "Mwanangu, hili si la kuhadithiwa," akaniambia. "Siku nane mfululizo nimetoa hela kwa wakala, kwa mkono wangu mwenyewe." Sasa alitaka kuweka laki sita, fedha yote ya msimu, na mimi nijiunge kwa linki yake, kwa kuwa kila anayemleta anamwongezea kitu.

Sikumbishia kwamba analipwa. Kweli analipwa, na hapo ndipo mtego ulipo. Nilimuuliza jambo moja tu: hiyo elfu tano inatoka wapi?

Sisi watu wa Upare tuna namna rahisi ya kulielewa swali hilo. Tunazijua ndiva. Maji ya chemchemi au kijito yanajikusanya usiku kucha, asubuhi inafunguliwa, na wenye mashamba wanamwagilia kwa zamu. Ndiva haizalishi maji, inayatunza tu. Chemchemi ikikauka, hata ukuta uwe imara namna gani na zamu ipangwe kwa haki namna gani, siku chache baadaye mtakuta tope. Programu ya mama mdogo ni ndiva isiyo na chemchemi. Kila anayejiunga anakuja na ndoo yake ya maji na kuimimina ndani, kisha anachotewa kikombe kimoja kila asubuhi, naye anashukuru.

Tupige hesabu. Tuseme watu 100 wameanza, kila mmoja na laki moja. Ndani mna milioni kumi. Kila siku wanalipwa elfu tano kila mmoja, yaani laki tano kwa wote. Siku ya ishirini hakuna kitu, hata kama mwenye programu hajajichukulia senti. Ili malipo yaendelee, siku hiyo lazima waingie watu wengine 100 na milioni kumi nyingine. Lakini sasa wanaolipwa ni 200, na kila siku inatoka milioni moja. Fedha mpya haifiki siku ishirini tena, inaisha kwa siku kumi. Hapo wanatakiwa watu wapya 200, na baada ya siku kumi nyingine 400, halafu 800. Kila siku kumi idadi lazima iongezeke maradufu.

Wilaya yetu ya Same ina watu wapatao laki tatu. Ukiendelea na hesabu hiyo, siku ya 130 programu itahitaji kuwa na wanachama zaidi ya laki nne. Hata tukiwaandikisha watoto wachanga wa kutoka Makanya hadi Ndungu, hatutoshi, na haijapita hata miezi mitano. Kwa hiyo upatu wa aina hii haufi kwa bahati mbaya, wala kwa hujuma, wala kwa sababu serikali imeuonea wivu. Unakufa kwa hesabu. Na kwa kuwa idadi imekuwa ikiongezeka maradufu, siku unapokufa nusu ya wanachama wote ni wale walioingia mara ya mwisho. Hao ndio hasara inawaangukia, nao ndio walioletwa na ndugu na jirani waliokwisha kulipwa.

Haya tumeyaona kwa macho yetu. DECI ilipovuma nchini, watu waliambiwa wanapanda mbegu na kwamba watavuna. Wachungaji walikuwa mstari wa mbele, na habari ilisambaa makanisani kwa sababu huko watu wanaaminiana. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati na viongozi wa DECI wakafikishwa mahakamani Kisutu. Mwaka 2013 kadhaa kati yao walitiwa hatiani kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL, iliyojiita Leo Beneath London, ambayo wanachama walilipwa kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Benki Kuu ilitangaza kwamba LBL haina leseni, na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Kwenye DECI walipanda mbegu, kwenye LBL walitazama filamu. Jina la kazi lilibadilika, lakini fedha ilitoka kule kule, mfukoni mwa aliyefuata.

Jipime basi kwa swali hili: kama leo asingeingia mtu mpya hata mmoja, kesho ningelipwa? Kwenye kikoba jibu ni ndiyo, kwa sababu faida inatokana na riba ya mwanachama aliyekopa, na jina lake mnalijua. Upatu wetu wa akina mama nao usihusishwe na haya. Watu kumi wakichanga elfu kumi kumi, kila mmoja atachukua laki moja kwa zamu yake, na hakuna anayepata zaidi ya alichochanga. Hati fungani ya Serikali, hata ikilipa asilimia 15 kwa mwaka, laki moja itakupa elfu kumi na tano kwa mwaka mzima. Programu ya mama mdogo inadai kulipa hizo kwa siku tatu. Biashara gani ya kubonyeza simu inayozalisha kiasi hicho?

Mkionyeshwa cheti cha BRELA, jueni kwamba hicho ni cheti cha kuzaliwa kwa kampuni. Hakimpi mtu ruhusa ya kupokea amana zenu. Ruhusa hiyo inatolewa na Benki Kuu, na uwekezaji wa masoko ya mitaji unasimamiwa na CMSA. Angalieni pia fedha inatumwa wapi. Ikiwa inakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na namba hiyo inabadilika kila baada ya siku chache, mmekwisha kupata jibu.

Dalili za mwisho nazo zinajulikana. Kutoa hela kunaanza kuchelewa, mnaambiwa mfumo unaboreshwa. Inakuja ofa ya kuweka kiasi kikubwa ili mlipwe mara mbili. Kisha mnaambiwa mlipe kodi kwanza ndipo mfunguliwe akaunti. Msilipe hiyo kodi. Ile namba kubwa mnayoiona kwenye kioo ni maandishi tu, fedha yake iliondoka zamani. Hifadhini ujumbe wa miamala na mwende polisi mapema, kabla namba hizo hazijazimwa.

Mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba amewaingiza wanawake watatu wa jumuiya yake, mmoja wao mjane. Ndipo nilipoona uchungu wa jambo hili ulipo. Arobaini elfu alizokwisha kutoa zilikuwa ndoo za wenzake.

Laki sita hakuziweka. Jioni ile alipanda gari kurudi mlimani kuwaambia wale watatu watoe kinachotoka, wasimwingize mtu mwingine. Nawe msomaji, kama kuna uliyemtumia linki, mpigie leo. Kesho anaweza kukuta tope.