Korosho na Swali la Mtihani

Ndugu zangu wanachama, mwenzenu nasoma teknolojia ya chakula hapa Uingereza na nina lalamiko. Swali la mtihani lilikuwa hivi: korosho za kukaanga zimeanza kutoa harufu ya mafuta yaliyoharibika baada ya siku 30 kwenye nyuzi 45. Je, kwenye nyuzi 25 zitadumu siku ngapi? Tukapewa Q10 kuwa 2, yaani joto likishuka nyuzi 10, muda unakuwa mara mbili. Basi 30 mara 2 mara 2, siku 120. Maksi zote.

Lakini hiyo 2 imetoka wapi? Ingekuwa 3, jibu lingekuwa siku 270. Tofauti ya miezi mitano kwenye lebo moja, jamani! Mie naona mtu aipime mwenyewe: aweke pakiti nyingine kwenye nyuzi 35. Zikiharibika siku ya 75, basi 75 gawanya kwa 30 ni 2.5, na kwenye nyuzi 25 tutarajie siku 187 hivi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kabati la joto la maabara ni kavu. Duka la Kariakoo wakati wa masika lina unyevu, na kwenye pakiti nyepesi korosho zinalainika kabla mafuta hayajanuka. Hapo hesabu ya harufu haina kazi, kilichoharibu ni kingine. Kukijua si vigumu: pima pakiti kila wiki, ikizidi uzito inavuta maji.

Mhadhiri akanijibu halimo kwenye silabasi. Likizo hii nakwenda nyumbani na mizani.