Angalieni muhuri kabla ya kutuma cheti

Ushauri kwa wanaotuma vyeti kwa simu. Google Drive kwenye simu za Android ina kitufe cha kuskani. Tandika kitambaa cheusi chini ya cheti, nayo Drive itazitambua kingo za karatasi na kukata yaliyobaki. Kaa karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni. Taa ikiwa juu yako, kivuli cha simu hukaa katikati ya maandishi. Ila msichague nyeusi na nyeupe! Muhuri wa bluu uliofifia huweza kupotea kabisa, na cheti kisicho na muhuri nani atakipokea? Acheni rangi zake. Ukurasa wa nyuma uongezwe kabla ya kuhifadhi, kisha fungua PDF, kuza picha, usome namba ya cheti tarakimu kwa tarakimu.