Faili ya Malipo Ikikatwa, Kila Kipande Kiwe na Kichwa Chake

Wateja wanaolipa watu wengi kwa mpigo hukwama hapa: faili ya CSV ina mistari mingi kuliko mfumo unavyokubali. Wengi huifungua kwa Excel, wakanakili kipande kimoja kimoja. Sisi tunaona njia hiyo iachwe kabisa.

Sababu ya kwanza ni nambari za simu. Ukifungua CSV moja kwa moja, Excel huondoa sifuri ya mbele, basi 07 inabaki 7. Nambari inayoanza na 254 nayo hugeuka kuwa ya mtindo wa E+11, na ukihifadhi hivyo, tarakimu zimepotea.

Ya pili hainyamazi tu, inaumiza. Mstari wa kwanza wa faili ni kichwa: jina, simu, kiasi. Kipande cha pili kikikosa kichwa, mfumo unaoruka mstari wa kwanza utamruka mtu. Hakuna onyo lolote. Utajua tu akipiga simu kuuliza pesa zake.

Chukua ushirika wa maziwa wenye wakulima 12,400, na mfumo unaokubali mistari 5,000 pamoja na kichwa. Kila kipande basi kibebe wakulima 4,999. Kwenye Linux, Mac, au Git Bash ya Windows, fungua folda mpya yenye faili hiyo pekee, kisha andika:

```
head -n 1 malipo.csv > kichwa.csv
tail -n +2 malipo.csv | split -l 4999 - sehemu_
for f in sehemu_??; do
  cat kichwa.csv "$f" > "$f.csv"; rm "$f"
done
wc -l malipo.csv sehemu_*.csv
```

Amri ya kwanza inaweka kichwa kando. Ya pili inakata wakulima peke yao, halafu ile inayorudia inambandikia kila kipande kichwa. Faili yako ya awali haiguswi.

Amri ya mwisho inahesabu mistari, na hapo usiwe na haraka. Faili ya awali iwe na 12,401. Vipande viwe na 5,000, 5,000 na 2,403. Jumla ya vipande ni 12,403, yaani wakulima wote na vichwa vitatu. Ikipungua au ikizidi, usipakie.

Njia hii ina mpaka wake. Kama safu ya maelezo ina maandishi yaliyovunjwa kwa Enter ndani ya alama za kunukuu, mtu mmoja anahesabiwa mistari miwili na anaweza kukatwa katikati. Ondoa hizo Enter kwanza.

Mwisho, kipande kikishalipwa kihamishie folda nyingine papo hapo. Kukipakia mara ya pili ni kulipa watu 4,999 mara mbili, na kurudishiwa pesa hizo si kazi ya siku moja.