Kabla ya kuomba watu pesa, mrudishie mtoto sweta yake

Nitaanza na ile sehemu ambayo haikuingia kwenye video. Tulikuwa chemchemi moja ndani ndani kule Bungoma, sisi watatu kutoka Kitale, tukitafuta picha za kuchangisha pesa ya kuijengea ukuta na bomba. Mtoto mmoja akaja na mtungi wake wa lita tano, amevaa sweta ya shule, safi kabisa. Nikamwambia atoe sweta. Eti anaonekana yuko sawa sana. Alitoa bila kuuliza, na mama yake aliyekuwa akifua pale chini akanyanyuka: "Nyinyi watoto, hiyo sweta nilinunua na pesa ya mahindi. Mbona mnaificha?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Tulifuta klipu hiyo, na ndipo nikaanza kufikiria tunachofanya. Video ya kuchanga ni ahadi. Unamwambia mtu aliye Nairobi au Doha: hali iko hivi, nipe mia mbili, itakuwa vile. Ukidanganya kwenye "hali iko hivi", hata risiti ziwe safi namna gani, umeshamwibia.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla hujatumia data ya mtoto, na picha yake ni data. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo tulirudi kwa yule mama, tukamweleza video itawekwa wapi na kwamba hata watu asiowajua wataiona. Alikubali, kwa sharti moja: sweta ibaki.

Sasa uongo wa pili, ule mtamu zaidi. Kwenye skripti yangu ya kwanza niliandika "watoto hawa hawataugua tena". Inasikika poa, lakini si kweli, na hapa magharibi hatuna kisingizio cha kutojua. Busia, hapo tu jirani, Michael Kremer na wenzake walifuatilia karibu chemchemi 200, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Pale chemchemi ilipojengewa, uchafu wa kinyesi kwenye maji yanayotoka bombani ulishuka kwa takriban thuluthi mbili. Ukienda nyumbani ukapima maji yaleyale kwenye mtungi, ulikuwa umeshuka kwa karibu robo tu. Maji yanachafuka njiani, kwenye chombo, kwenye kikombe kinachochovywa na kila mtu. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo. Robo ni kitu kikubwa. Lakini si "hawataugua tena".

Basi tukasema hivyo kwenye video. Nilisimama kando ya chemchemi nikasema: tukijenga hapa, maji yatakuwa safi zaidi yakitoka, lakini nyumbani bado yatahitaji klorini au kuchemshwa. Rafiki yangu wa kuhariri alisema tumejiua, nani atatoa pesa kwa "safi zaidi"? Watu walitoa.

Kitu kingine tulichofanya ni kuandika ripoti kabla ya video. Yaani tulikaa na fundi, tukatembea naye chemchemini, akatueleza kazi yenyewe: kuchimba hadi jicho la maji, kujaza mawe na kokoto nyuma, kufunika juu na plastiki na udongo, kujenga ukuta wenye bomba, ngazi za kushukia, mtaro wa kutoa maji yanayomwagika na mwingine juu wa kuzuia maji ya mvua. Kila kitu kikapewa bei. Vifaa 46,000, fundi na vibarua 24,000, usafiri 9,000, uzio 7,000, video 6,000. Jumla 92,000. Jedwali hilo likakaa kwenye video sekunde kumi nzima, na zile 6,000 zetu ziko ndani: nauli ya Kitale hadi huko na kurudi, bando, chakula, na kijana wa kamera. Tukasema pia kikibaki kitu kitanunua klorini, na pesa isipofika tutajenga ukuta kwanza, uzio ungoje.

Kabla ya kuipandisha tuliionyesha kijijini kwa simu, jioni. Hii niliiga kutoka kosa la wengine. Machi 2012 ile filamu ya Kony 2012 ilionwa mamilioni ya mara kote duniani, halafu ikaonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu waliopitia vita vyenyewe. Walikasirika, wengine wakarusha mawe. Sisi tulirushiwa swali tu: mzee mmoja aliuliza mbona tumesema kijiji "hakina maji" na yeye ameyanywa miaka sitini. Tukabadilisha ikawa "maji yapo, hayajalindwa".

Pesa zenyewe msitumie namba yako, tafadhali. Ukichanganya michango na pesa ya kinyozi na fare ya boda, hakuna ripoti utakayoweza kuandika. Kikundi cha chemchemi kilikuwa kimesajiliwa, kina akaunti ya benki yenye Paybill, na kutoa pesa kunahitaji sahihi tatu. Mimi sikuwa mmoja wa hao watatu. Kama nyinyi bado mko kwa laini ya simu, angalau iwe laini ya kazi hiyo pekee, na muombe taarifa ya M-Pesa kupitia *334#. Mkiiweka hadharani, zibeni majina na namba za waliochanga, lakini msikate jumla ya kilichoingia na kilichotoka. Ukiona mtu ameweka skrinishoti za ujumbe mmoja mmoja badala ya taarifa nzima, uliza zile zingine ziko wapi.

Hesabu yetu haikutoka sawa, na nadhani hiyo ndiyo ilifanya watu waiamini. Ziliingia 101,350. Vifaa vilifika 51,400 kwa sababu simiti ilipanda na tulihitaji kokoto zaidi. Usafiri 11,500, maana mvua ilinyesha, lori likakwama, tukakodi mikokoteni. Uzio ulishuka hadi 3,500, kwa vile wanakijiji walipanda ua wa miti wenyewe na tukanunua waya kidogo tu. Fundi 24,000, video 6,000, makato ya benki na M-Pesa 1,150. Zikabaki 3,800, zikawa klorini. Kila safu ilikuwa na bei ya mwanzo, bei ya mwisho, na sentensi moja ya kueleza tofauti.

Bado msee mmoja aliandika kwamba 6,000 za video ni wizi, kazi ya jamii inafaa kuwa ya bure. Sikubaliani naye. Anayefanya bure kwa kulazimishwa ndiye huanza "kuokota" kidogo kidogo kwenye usafiri. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, na aliweza kuuliza kwa sababu alizisoma hizo 6,000 kwenye jedwali letu.

Miezi mitatu baadaye tulirudi, tukakuta maji yanapita kando ya ukuta upande wa kushoto. Fundi anasema udongo haukushindiliwa vizuri. Tumelichukua kwa video hivyo hivyo, linavuja, na tumeweka bei yake ya kurekebisha. Yule mtoto anaonekana nyuma akichota. Amevaa sweta.