Mambo ya Nyumbani: Nyusi Chache na Nyusi Kaidi

Akina mama na mabinti wengi huuliza habari za dawa za nyusi zinazotumika siku hizi katika saluni za Iringa na Mbeya. Dawa hizo ni za namna tatu, wala kazi zake si moja. Anayezichanganya hupoteza fedha, na pengine huumia.

Ya kwanza ni jeli. Hii ni kama gundi nyepesi. Huchanwa kwa kiburashi kuelekea juu, nayo ikikauka hushika nywele mahali pake. Hudumu siku moja tu, maana jioni ukinawa kwa sabuni imekwisha. Haishiki juu ya mafuta. Basi kama umejipaka vaselini usoni kwa ajili ya baridi, futa kwanza nyusi zako.

Ya pili ni rangi. Katika nywele hukaa majuma 3 hata 6, lakini katika ngozi hufifia baada ya siku chache. Kwa hiyo mwenye nyusi chache, ambaye uzuri wake unategemea ngozi iliyotiwa rangi, asishangae akiona umekwisha mapema. Mafuta ya kila siku nayo huiondoa upesi.

Ya tatu huitwa lamineshen, ndiyo kulaza nyusi. Inafaa nyusi kaidi zinazosimama ovyo. Dawa ya kwanza hulegeza vifungo vilivyo ndani ya unywele, jamaa ya ile ya kalikiti. Nywele huchanwa na kulazwa zinavyotakiwa. Dakika zake huandikwa katika karatasi ya dawa, na nywele nyembamba huhitaji chache zaidi. Hufutwa, kisha hupakwa dawa ya pili inayofunga tena vile vifungo, na mwisho mafuta ya kulainisha. Kwa saa 24 zisiguswe na maji, mvuke wala mafuta. Hudumu majuma 4 hata 8, halafu nywele za zamani hudondoka na mpya huota kwa tabia yake ileile. Jueni kwamba dawa hii haioteshi unywele hata mmoja. Ikizidishwa dakika, nywele hujikunja na kukauka kama zilizoungua. Hapo hakuna dawa ila kungoja, wala msirudie kabla ya majuma 6. Tena asitokee mtu kutumia dawa ya kunyoosha nywele za kichwa. Hiyo huunguza ngozi na macho.

Sasa jihadharini na rangi nyeusi tii, na ile iitwayo hina nyeusi au piko. Hina halisi ni ya rangi ya kahawia yenye wekundu. Weusi wa haraka mara nyingi hutokana na dawa iitwayo parafenilenidiamini, ambayo huwasha na kuvimbisha ngozi za watu wengine. Huko Amerika, miaka ya 1930, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure ilikuwa na dawa hiyo: ilipofusha macho ya watu na kuua mmoja.

Tuseme binti wa Ilula atafunga ndoa Jumamosi. Jumatatu ya juma lililotangulia aende saluni mjini Iringa, apakwe tone la rangi ileile nyuma ya sikio. Angoje saa 48, na aendelee kupaangalia siku mbili tatu zaidi. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, asipake rangi hiyo kamwe. Jeli na wanja vitamtosha. Pakiwa salama, arudi Jumatano ya juma la harusi, alazwe nyusi na kupakwa rangi. Alhamisi itakuwa siku ya kuziacha kavu, na Jumamosi rangi ya ngozi itakuwa ingali ipo. Mwenye ngozi iliyochubuka, au jicho linalouma, asubiri apone kwanza.

Neno moja la mwisho. Ikiwa nyusi zimepungua zenyewe, hasa upande wa nje, na mtu anachoka, anahisi baridi kuliko wenziwe na choo ni kigumu, pengine tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri. Katika nyanda zetu hizi rovu lilikuwa jambo la kawaida, kwa sababu ya upungufu wa madini ya joto. Na zikidondoka pamoja na mabaka yasiyohisi mguso, yaweza kuwa ukoma, nao hupona kwa dawa. Hapo msianzie saluni. Nendeni hospitali kwanza, maana rangi itaficha alama ambayo daktari angeitaka kuiona.